"Nitakutazama": Ujira wa Anayefanya Kazi kwa Jamaa Yake



Kijana mmoja wa hapa Tanga alifanya kazi miaka sita katika duka la mjomba wake, duka la saruji, mabati na misumari. Siku ya kwanza hapakuandikwa hata herufi moja. Mjomba alimwambia, "Kaa hapa, mwanangu, nitakutazama." Kijana akaona haya kuuliza zaidi, kwani nani atamkabili ndugu wa mama yake amwambie, "Utanipa kiasi gani?" Kila Alhamisi alipewa shilingi 20,000, na chakula cha mchana kililetwa kutoka nyumbani kwa mjomba. Kisha wakakorofishana kwa hesabu ya mifuko ya saruji, akaambiwa asirudi tena. Alipodai haki yake, mjomba akajibu, "Huyu hakuwa mfanyakazi wangu. Ni mtoto wa dada yangu. Alikuwa akinisaidia, nami nikimsaidia."

Wakaniita niwapatanishe. Nami nakueleza yaliyopita, kwani duka la namna hii liko katika kila mtaa wetu.

Sisi wa pwani twafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Katika Minhaji, Imamu Nawawi ametaja habari ya mtu aliyempa fundi nguo amshonee, fundi akashona, na ujira haukutajwa. Kauli iliyotangulizwa ni kuwa fundi huyo hana ujira. Kauli nyingine yasema kuwa akiwa ni mtu ajulikanaye kwa kazi hiyo, basi anao. Na Nawawi akaashiria kuwa kauli hii yaweza kuonekana nzuri. Mjomba aliposikia ile ya kwanza, uso ulimkunjuka.

Lakini, ndugu yangu, mwenye kusoma na asome mpaka mwisho. Wanazuoni waliokuja baadaye wameeleza kuwa hayo ni pale ambapo hapakusemwa neno. Ama mwenye kazi akitamka neno la kumtumainisha mwenzake, mfano wa "nitakuridhisha", basi aliyefanya kazi hakufanya bure. Huyo hustahiki ujira wa mfano, yaani kile apewacho mtu kama yeye, kwa kazi kama ile, mahali pale. Nikamwuliza mjomba, "Ulipomwambia nitakutazama, ulikusudia nini?" Akanyamaza. Kila Mswahili ajua maana ya neno hilo.

Likabaki swali la pili: je, ile ilikuwa kazi kweli, au ulikuwa msaada wa jamaa? Hapo hatutazami jina ambalo watu wameliita jambo lao, bali twatazama walivyoishi. Nikamwuliza kijana, "Siku usiyotaka kwenda dukani, ulikuwa ukifanyaje?" Akasema alikuwa akiomba ruhusa, na mara mbili alinyimwa. Basi msaidizi haombi ruhusa ya kutosaidia. Nikauliza nani aliyepanga kufungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni, ni mjomba. Nikauliza kama aliwahi kuonyeshwa faida au kushauriwa juu ya kununua mzigo, hakuwahi. Basi hakuwa mshirika pia, kwani mshirika hugawana faida naye huijua hasara. Ikabaki sura moja tu, nayo ni mtu na tajiri wake.

Sheria ya nchi nayo yatembea njia iyo hiyo. Huku Tanzania Bara, Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 imeweka alama saba. Anayefanya kazi huelekezwa namna ya kuifanya. Au saa zake hupangwa na mwingine. Au, ikiwa ni taasisi, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo. Au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Au riziki yake yategemea kwa mtu huyo. Au hupewa vyombo vya kazi. Au humfanyia kazi mtu mmoja tu. Ikipatikana hata alama moja, huyo huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka anayekana athibitishe kinyume chake. Sheria haikusema, "ila akiwa mpwa wako."

Tena ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huo huo. Hiyo imempa mwajiri wajibu wa kumwandikia mfanyakazi masharti ya kazi yake. Shauri likifika mbele na mwajiri hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye. Kwa hiyo anayedhani kuwa kutoandika kwamkinga, amejivua ngao kwa mkono wake.

Hata hivyo, alama huhitaji ushahidi. Kijana wetu alikuwa na daftari la mauzo lenye mwandiko wake kwa miaka yote, risiti za mizigo alizotia sahihi, na ujumbe wa simu ambao mjomba alimwandikia, "Mbona hujafungua?" Mahamali wa duka la jirani nao walishuhudia. Asiye na hayo hupata taabu. Na kijana anayekuja mara moja moja kupanga mabati jioni ya kuamkia Idi, kisha akaenda zake, huyo ni msaidizi, wala asigeuze wema kuwa deni.

Tukaenda kwa wenye maduka wawili. Wakasema mtu kama yule hulipwa shilingi 200,000 kwa mwezi. Ile 20,000 ya kila wiki hufika kama 87,000 kwa mwezi. Chakula tukakikadiria 3,000 kwa siku, siku 26, yaani 78,000. Jumla alikuwa akipata 165,000, ikapungua 35,000 kila mwezi. Wote wawili wakaridhia makadirio hayo yatumike kwa miezi yote 72, ikawa shilingi 2,520,000. Mjomba akakubali kulipa kwa mafungu sita ya 420,000, na safari hii tukaandika, mashahidi wawili wakatia sahihi.

Nakuonya jambo moja, msomaji. Wao walikaa wiki tatu wakingoja wazee wakutane. Lakini anayelalamikia kuachishwa kazi hupewa siku 30 tu kupeleka shauri lake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na madai mengine, kama ya ujira, siku 60. Siku hizo hazisimami kwa sababu jamaa wanazungumza. Aliyechelewa hulazimika kwanza kuomba asamehewe ucheleweshaji kwa sababu nzuri, naye huenda asisamehewe. Suluhu ya nyumbani ni bora, lakini hesabu siku zako.

Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan, yule mzee alitaka kumwoza binti yake. Je, alimwambia, "Kaa, nitakutazama"? La. Alimtajia miaka minane, na kumi ikiwa ni kwa hisani yake, na Musa akajibu kwa kumshuhudisha Mwenyezi Mungu. Mkwe na mkwe walielezana muda na malipo, na udugu haukuvunjika. Basi wewe, unayemketisha mtoto wa dada yako dukani, chukua karatasi leo uandike kazi yake, saa zake na ujira wake. Nawe kijana, usione haya kuomba karatasi hiyo. Mama wa kijana wetu na kaka yake hawakusemezana miezi minne kwa ajili ya karatasi moja isiyoandikwa.

Wallahu aalam.