Imepungua kwa Asilimia Ngapi, Mwanangu?

Mwanangu, rasimu yako ya ripoti ya umaskini nimeisoma juzi usiku, na nimekwama kwenye sentensi moja ya muhtasari. Umeandika kwamba kati ya mwaka 2011/12 na 2017/18, umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulipungua kwa asilimia 1.8, na umaskini wa chakula ukapungua kwa asilimia 17.5. Mkurugenzi akisoma hapo ataamini kwamba vita dhidi ya njaa vilikwenda vizuri mara kumi kuliko vita dhidi ya umaskini wa jumla. Huenda akaagiza fedha zihamishwe. Nikarudi kwenye takwimu zenyewe za Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi, ule wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, nione umezitoa wapi hizo namba mbili.

Umaskini wa mahitaji ya msingi ulitoka asilimia 28.2 ukafika 26.4. Umaskini wa chakula ulitoka 9.7 ukafika 8.0. Toa moja kwa nyingine: wa kwanza umeshuka 1.8, wa pili umeshuka 1.7. Ni karibu sawasawa! Katika kila watu 1,000, waliotoka kwenye umaskini wa mahitaji ya msingi ni 18, na waliotoka kwenye umaskini wa chakula ni 17. Hiyo 17.5 uliipata kwa kuchukua 1.7 ukaigawa kwa 9.7. Ile 1.8 hukuigawa kwa chochote. Ungeigawa kwa 28.2 ungepata 6.4.

Katika sentensi hiyo hukuandika namba ya uongo hata moja, na ndiyo maana nakuonya. Umepima kitu cha kwanza kwa pishi na cha pili kwa kilo, kisha ukaviweka kwenye sentensi moja na neno moja la kipimo.

Kile ulichopata kwa kutoa tu huitwa pointi za asilimia. Kile ulichopata kwa kutoa kisha kugawa kwa kiwango cha mwanzo ndicho badiliko la asilimia. Wako wanaosema "nukta za asilimia", na kwenye karatasi sina ugomvi nao. Lakini ripoti zetu husomwa redioni, na msomaji akitamka "nukta moja nukta nane za asilimia" msikilizaji anabaki hoi. Mimi nimeshikilia "pointi".

Nadhani najua kosa lilivyoingia, kwa sababu liliwahi kuniingia mimi. Kwenye Excel, safu yako ya viwango umeipa mtindo wa asilimia wenye desimali moja, na hesabu unazozifanya juu yake umezipa mtindo ule ule. Weka 28.2% kwenye A2 na 26.4% kwenye B2, halafu uandike hizi mbili:

```
=B2-A2          -1.8%
=(B2-A2)/A2     -6.4%
```

Majibu yote mawili yanavaa %, na mashine haina njia ya kukuambia kwamba la kwanza ni pointi. Ukinakili kutoka jedwali hadi maandishi, unaandika "asilimia" kwa sababu ndiyo alama unayoiona. Kwa hiyo kichwa cha safu ya kwanza kiandike "tofauti (pointi)", tena kabla hujaandika fomula yenyewe.

Lugha yetu nayo inatusukuma shimoni. Kwa Kiswahili cha kila siku, "imepungua kwa asilimia 1.8" inabeba maana zote mbili, na hata wasomi huitumia hivyo bila kuulizana. Juu ya hapo kuna "kwa" na "hadi", vijineno viwili ambavyo mwandishi wa habari mwenye haraka huvibadilishana. Riba ikipungua hadi asilimia 6 na riba ikipungua kwa asilimia 6 ni habari mbili mbalimbali kabisa.

Sasa utaniuliza: kati ya pointi na asilimia, lipi ni sahihi? Yote mawili ni sahihi, ila pointi zina tabia mbili zinazonifanya nizitangulize kila ninapoandika juu ya kiwango ambacho chenyewe tayari ni asilimia.

Ya kwanza ni hii. Geuza hadithi upande wa pili. Badala ya kuhesabu maskini, hesabu wasio maskini. Mwaka 2011/12 walikuwa asilimia 71.8, na mwaka 2017/18 wakawa 73.6. Pointi ni zile zile 1.8, safari hii zimepanda. Lakini badiliko la asilimia ni 2.5 tu, maana sasa unagawa kwa 71.8. Watu ni wale wale, utafiti ni ule ule, hakuna kaya iliyohama mahali. Mwenye kutaka kusifia atasema umaskini umepungua kwa asilimia 6.4, na mwenye kubeza atasema wasio maskini wameongezeka kwa asilimia 2.5. Wote wana kikokotoo mfukoni na wote wamekokotoa sawa. Pointi hazikubali mchezo huo, kwa kuwa hazibadiliki ukigeuza upande. Ndiyo maana, mwanangu, ukiona ripoti inatoa badiliko la asilimia peke yake, bila viwango viwili, jiulize kwanza mwandishi amechagua kugawa kwa namba gani.

Tabia ya pili ni kwamba pointi zinajumlishika. Mwaka 2007 umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa asilimia 34.4. Kutoka hapo hadi 28.2 ni pointi 6.2, na kutoka 28.2 hadi 26.4 ni pointi 1.8. Jumla ni pointi 8, na ukitoa 26.4 kwenye 34.4 unapata 8 hiyo hiyo. Jaribu vivyo hivyo kwa asilimia: kipindi cha kwanza ni asilimia 18.0, cha pili ni 6.4, jumla yake 24.4. Lakini badiliko la kweli kutoka mwanzo hadi mwisho ni asilimia 23.3. Pengo limetokea kwa sababu asilimia ya pili imekatwa kutoka kwenye mkate ambao tayari umepungua. Kwenye rasimu yako, ukurasa unaofuata, umejumlisha. Nimepiga mstari mwekundu.

Asilimia zina kazi yake, sikatai. Unapotaka kujua umebomoa sehemu gani ya tatizo lenyewe, ndizo zinazosema. Umaskini wa chakula kushuka kutoka 9.7 hadi 8.0 maana yake ni kwamba zaidi ya sehemu moja kwa sita ya tatizo imeondoka, na hilo ni jambo ambalo 1.7 haikuambii. Ukitaka kulisema, liseme, lakini umaskini wa mahitaji ya msingi nao upe kipimo hicho hicho, 17.5 kwa 6.4, na viwango vikae pembeni.

Nikusimulie kilichonifundisha. Katika ofisi moja niliyowahi kuifanyia kazi, mpango wa miaka mitano uliandikwa na lengo la "kupunguza umaskini kwa asilimia 10". Sote tulipitisha, na mimi nikiwemo, nikiwa mhariri. Ulipofika wakati wa tathmini, watu wawili walikaa meza moja, mmoja akisema lengo limefikiwa na mwingine akisema hata nusu hatujafika, na kila mmoja aliweza kuonyesha kwa kidole mstari ule ule wa mpango. Hakuna aliyekuwa mjinga pale. Mjinga alikuwa mstari wangu.

Tulipime hilo kwa takwimu za 2017/18, uone ukubwa wake. Kiwango ni asilimia 26.4, na maskini wenyewe walikadiriwa kuwa takriban milioni 14. Kupunguza kwa asilimia 10 ni kufika 23.8, yaani watu milioni 1.4 kutoka kwenye umaskini. Kupunguza kwa pointi 10 ni kufika 16.4, na kwa kuwa asilimia 26.4 ni watu milioni 14, idadi yote ni kama milioni 53, hivyo pointi 10 ni watu milioni 5.3. Karibu mara nne. Bajeti ya lengo moja haiwezi kutosha lengo jingine, na hakuna Waziri wa Fedha atakayekuelewa ukimwambia ulimaanisha lile kubwa.

Na angalia jambo jingine linalojificha nyuma ya vipimo vyote viwili. Mwaka 2011/12 maskini walikadiriwa kuwa takriban milioni 12. Kwa hiyo kiwango kimeshuka, kwa pointi na kwa asilimia, huku idadi ya maskini ikipanda, kwa sababu watu wote kwa jumla waliongezeka haraka kuliko kiwango kilivyoshuka. Ukiandika tu kwamba "umaskini umepungua", mbunge atakayekuuliza kuhusu hao watu milioni 2 zaidi atakukuta huna jibu. Idadi iwekwe kwenye aya hiyo hiyo.

Kuna mahali pengine nilipoona umeteleza, kwenye jedwali la rigresheni. Tokeo lako ni ndiyo au hapana: kaya ni maskini au si maskini, 1 au 0. Kwa modeli ya kawaida ya mstari, mgawo wa -0.05 maana yake ni kwamba uwezekano wa kaya kuwa maskini uko chini kwa pointi 5, siyo kwa asilimia 5. Kama msingi ni 26.4, pointi 5 ni karibu asilimia 19 ya tatizo. Ukiandika "asilimia 5" unajipunja mwenyewe, na mradi unaoutetea unaonekana dhaifu kuliko ulivyo. Mambo hugeuka pale tokeo linapokuwa logi ya matumizi ya kaya: hapo mgawo mdogo husomwa kweli kama badiliko la asilimia. Usihamishe sentensi kutoka jedwali moja kwenda jingine.

Basi sentensi yako ya muhtasari nimeiandika upya kwa penseli, uifute ukiona inafaa kusemwa vingine: "Kati ya mwaka 2011/12 na 2017/18, umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4 (pointi 1.8), na umaskini wa chakula kutoka asilimia 9.7 hadi 8.0 (pointi 1.7), huku idadi ya watu walio chini ya mstari wa mahitaji ya msingi ikiongezeka kutoka takriban milioni 12 hadi milioni 14." Ni ndefu kuliko yako, najua, na mtu wa mawasiliano atataka kuikata. Akikata, akate maneno mengine yoyote, ila 28.2, 26.4, 9.7 na 8.0 zibaki. Jedwali la ukurasa unaofuata sijalisahihisha. Lirudie wewe, kisha uniletee Jumatatu.