Ile Beetle ya Kijani

Mhariri wa filamu hulipwa kudanganya. Anakata hapa, anaunga pale, na wewe unaapa umeona kitu kikitokea mfululizo. Swali linalonisumbua ni hili: uongo huo unakuwa dhambi ukifika wapi?

Tuanze na zile mbio za magari kwenye *Bullitt*, filamu ya 1968 iliyohaririwa na Frank P. Keller, akapewa Oscar kwa kazi hiyo. Steve McQueen anaendesha Mustang, wauaji wako kwenye Dodge Charger nyeusi, na mji ni San Francisco wenye vilima vyake. Mbio zinazidi dakika kumi. Ukitaka kujifunza kitu hapo, usizitazame tu. Ziandike.

Chukua daftari, chora safu nne: nini kinaonekana, sekunde ngapi, nini kinasikika, na kwa nini mkato umekuja hapo. Kila shoti, yaani kipande kati ya mkato na mkato, inapata mstari wake. Mara ya kwanza zima sauti uandike picha. Mara ya pili funga macho uandike sauti. Ukifanya zote pamoja, sauti itakuchezea akili na mikato mingine hutaiona kabisa.

Usikimbilie wastani. Shoti kumi za sekunde tatu tatu zinachukua nusu dakika. Shoti nane za sekunde moja na mbili za sekunde kumi na moja, pia nusu dakika. Wastani ni uleule, lakini za kwanza zinatembea kama saa ya ukutani, na za pili zinakushikisha pumzi halafu zinakurushia mawe. Mdundo uko kwenye mpangilio, na mpangilio unaonekana ukisoma safu ya sekunde kutoka juu hadi chini.

Sasa soma mwanzo wa mbio. Charger inaifuata Mustang polepole, muziki wa Lalo Schifrin ukinyemelea chini yake. Mustang inapotea. Halafu dereva wa Charger anaiona kwenye kioo, nyuma yake. Aliyekuwa akiwinda sasa anawindwa, na hakuna aliyesema neno. Anafunga mkanda. Matairi yanalia, muziki unakatika, na haurudi mpaka mbio ziishe. Kuanzia hapo ni injini, breki na mpira juu ya lami. Muziki ungekuambia uogope. Injini inakuacha ujiogopee mwenyewe.

Shida inaanza kwenye safu ya kwanza. Wakiteremka vilima, utaandika: "Wanaipita Beetle ya kijani." Mistari michache chini, Beetle ya kijani tena. Halafu tena. Mteremko uleule ulipigwa na kamera zaidi ya moja, na Keller akautumia kana kwamba ni barabara mpya kila mara. Charger nayo inadondosha vifuniko vya magurudumu kuliko magurudumu iliyo nayo. Kwenye kiti cha sinema wengi hawashtuki, kwa sababu ngurumo ya injini haikatiki picha inapokatika. Sauti ndiyo uzi, na uzi ukishika, nani anaangalia mshono?

Je, Keller ametukosea? Mimi nasema hapana. Tulilipa kuona mbio za kubuni, naye aliahidi mapigo ya moyo, si ramani ya mji.

Lakini ujuzi huohuo uko kwenye simu yako. Chukua klipu ya kanjo wakimkimbiza mchuuzi mjini. Rudia kona moja kutoka kwa simu mbili, na hatua ishirini zinakuwa mtaa mzima. Tandika kelele moja chini ya picha zote, na dakika tano zilizokatwa katikati hazitaonekana. Leta jiwe lililorushwa mwisho, uliweke mwanzo, na tayari umeamua nani mkosaji. Hakuna picha hata moja ya kughushi hapo. Kila shoti ni ya kweli, ila habari ni ya uongo.

Kwa hiyo kwa picha za watu halisi, mimi naongeza safu ya tano: saa ya kweli, yaani shoti hii ilipigwa kabla au baada ya ipi. Halafu nauliza swali moja: mpangilio wangu umebadilisha nani alianza, au mtu aliumia kiasi gani? Kufupisha ruksa, bora mruko uonekane. Kugeuza chanzo, hapana, hata mteja akilipa mara mbili. Na ukishuku klipu ya mwenzako, izime sauti. Uzi ukitoka, mishono inajitokeza, na pengine utaiona Beetle ya kijani ikipita mara ya tatu.

Tofauti ni kwamba Charger ilikuwa na dereva aliyelipwa. Yule mchuuzi hakuulizwa kama anataka kuigiza.