"Nashukuru, Mwanangu"

Je, ni haki mtu akatwe marupurupu kwa alama ya mashine, wakati hakuna binadamu aliyeisikiliza simu yenyewe? Swali hili nililiona jepesi mpaka nilipopewa kazi ya kukagua simu za wateja.

Ndugu msomaji, mashine ile hufanya hivi. Kwanza hugeuza mazungumzo kuwa maandishi. Halafu huyapa maneno uzito: "asante" huongeza, "tatizo" hupunguza. Pamoja na hayo hupima sauti: ukubwa wake, kupanda na kushuka kwake, kasi yake, na urefu wa ukimya. Mwisho hutoa alama moja, kuanzia -1 ya hasira hadi +1 ya furaha.

Sasa hebu tusikilize simu mbili. Mama mmoja alikosea namba akatuma shilingi 40,000 kwa mtu asiyemjua. Kijana wetu akampa shikamoo, akamweleza kwa upole kwamba aliyezipokea ameshazitoa. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema taratibu, "Haya, nashukuru, mwanangu. Mungu yupo." Mashine ikaandika +0.7. Lakini si tunajua wote? "Mungu yupo" ile haikuwa shukrani, yalikuwa mashtaka.

Simu ya pili ilitoka stendi ya mabasi. Bwana mmoja kafunguliwa laini yake iliyofungwa siku tatu, basi anapiga kelele kuzishinda honi: "Dada, umeniua! Umeniua kabisa!" Huku anacheka. Mashine ikasikia ukelele na neno la kuua, ikaandika -0.6. Dada wa watu akakatwa marupurupu.

Wakubwa husema, "Mbona simu mbaya tunazisikiliza?" Kweli, ila wanasikiliza zile tu ambazo mashine imeziita mbaya. Kwa njia hiyo kosa la dada laweza kuonekana, lakini la mama halionekani kamwe, kwa kuwa limelala kwenye fungu la simu nzuri. Ukaguzi wa kweli huchota simu kwa bahati nasibu kutoka mafungu yote. Wasikilizaji wawili huzisikiliza kila mmoja peke yake, bila kuonyeshwa alama ya mashine, maana ukishaiona +0.7 sikio lako nalo huanza kusikia furaha. Tena hujiuliza swali ambalo toni haiwezi kulijibu: je, shida ya mteja imekwisha? Wakipishana na mashine mara kwa mara, alama hiyo isiguse mshahara wa mtu.

Sisemi mashine itupwe. Simu ni maelfu, na masikio yetu hayatoshi. Inaweza kutuonyesha pa kuanzia, lakini hukumu si kazi yake.

Dada alilalamika, simu ikasikilizwa, akarudishiwa fedha zake. Mama hakulalamika. Angelalamikaje, naye hajui kwamba ameandikwa kuwa ana furaha?