Kioo Kimepasuka Yahuma: Hesabu ya Mwenye Duka

Kioo cha simu si kitu kimoja. Juu kuna kioo kigumu cha kinga, chini yake kuna utando mwembamba unaohisi kidole, na chini kabisa kuna skrini yenyewe inayotoa picha. Katika simu nyingi za siku hizi tabaka hizo zimeshikamanishwa kiwandani kwa gundi angavu. Kutenganisha kioo cha juu peke yake kunahitaji sahani ya moto, uzi wa chuma na mashine ya kutoa hewa, vifaa ambavyo fundi wa duka dogo hana. Kwa hiyo hata ufa ukiwa wa juu tu, kinachobadilishwa ni skrini nzima, na hapo ndipo gharama inapoanza kupanda.

Kabla ya kutaja bei, fundi makini huangalia ni nini kimekufa. Picha ikiwa safi, hugandamiza alama moja ya programu na kuiburuta polepole, mstari kwa mstari, kutoka ukingo hadi ukingo. Pale alama inapoponyoka ndipo mguso umekufa. Ikiwa haiponyoki popote, kilichoumia ni kioo cha juu pekee, na simu inaweza kuendelea kutumika kwa karatasi ya gundi iliyobandikwa juu, mradi isikutane na mvua. Doa jeusi kama wino ni habari nyingine: kimiminika cha ndani kimevuja, na doa hilo huelekea kupanuka. Skrini ikiwa nyeusi kabisa lakini simu inaita, huenda kiunganishi kimechomoka tu simu ilipoanguka, na fundi akikirudisha mahali pake hakuna cha kununua. Inafaa kumwomba aangalie hilo kwanza. Fremu iliyopinda, kwa upande wake, ni onyo kubwa kuliko ufa wenyewe, kwa sababu kioo kipya kikilazwa juu ya fremu isiyonyooka kitapasuka tena bila kuangushwa.

Yahuma, mojawapo ya maeneo saba ya mkoa wa Tshopo, hupata vipuri vyake kutoka Kisangani, na njia ni ya pikipiki na mto. Mwenye duka hawezi kuweka skrini za kila aina ya simu. Skrini ya simu ambayo haitaletwa kwake ni pesa iliyolala ndani ya boksi. Huweka zile za aina mbili au tatu zinazouzwa sana sokoni, na nyingine huziagiza mteja akishatoa nusu ya bei. Mteja mara nyingi huiona nusu hiyo kama ukosefu wa imani. Kwa kweli ndiyo inayomwezesha mwenye duka kuagiza kitu ambacho hakuna mtu mwingine atakayekinunua.

Tuchukue mfano wa hesabu yake, kwa tarakimu rahisi za kukadiria. Skrini inapatikana Kisangani kwa dola 18, na sehemu yake ya nauli ya mzigo ni dola 2, jumla 20. Tena katika kila skrini kumi, tuseme moja hufika ikiwa haiwaki au huvunjika wakati wa kufungwa. Muuzaji wa Kisangani haipokei tena ikishabanduliwa karatasi ya kinga. Kwa hiyo skrini kumi zilizogharimu dola 200 zinalipwa na wateja tisa, na kila mmoja anabeba dola 22 na senti kidogo. Ongeza dola 1 ya gundi na umeme wa sola au wa jenereta, kisha dola 6 za kazi, kodi ya duka na faida. Inakuja kama 29, naye anataja 30.

Mteja aliyesikia kwamba Kisangani wanabadilisha kwa 25 huona ameibiwa. Lakini dola 5 hizo hazilipi hata safari ya kwenda na kurudi, achilia mbali siku za kuacha biashara au shamba. Anayetakiwa kulalamikiwa ni mwenye duka asiyepima skrini kabla ya kuifunga, kwa sababu huyo huongeza idadi ya zinazoharibika, na wateja wote wanailipia bila kujua.

Sasa upande wa mwenye simu. Tuseme simu mpya ya aina ileile inauzwa dola 90, na duka liko tayari kuinunua ile iliyopasuka kwa dola 15, ili litoe betri, kamera na sehemu ya chaji. Kubadilisha simu kutamgharimu 75. Kutengeneza kutamgharimu 30. Kulinganisha 30 na 90 ni kosa la kawaida, na kulinganisha 30 na 75 bado hakutoshi, maana simu hizo mbili hazina umri uleule mbele yao. Kama simu mpya itadumu miezi 30, inagharimu dola 2.50 kwa mwezi. Ile ya zamani ikitengenezwa kwa 30 inapaswa kudumu miezi 12 ili ifikie gharama hiyohiyo. Ikivuka mwaka, kutengeneza kumeshinda. Ikifa kabla yake, mwenye simu amelipia kioo kisha atanunua simu vilevile.

Kwa hiyo swali zito ni kama mwili uliobaki una mwaka mmoja ndani yake. Betri ndiyo shahidi wa kwanza. Simu ikilazwa kifudifudi mezani, kioo chini, na mgongo wake umevimba, au chaji ya asubuhi haifiki mchana, betri imechoka. Betri iliyovimba ni hatari yenyewe, na pia husukuma skrini kutoka ndani, hivyo kufunga kioo kipya juu yake ni kukivunja kwa mkono. Kuibadilisha wakati huohuo, tuseme kwa dola 8, kunafikisha gharama 38, na sasa simu inapaswa kudumu miezi 15 na kidogo. Mara nyingi hilo linawezekana, na kazi ya kufungua simu imelipwa mara moja tu. Shahidi wa pili ni programu: tangu mwanzoni mwa 2025 WhatsApp imeacha simu zenye Android iliyo chini ya 5.0. Mtu anayewasiliana na ndugu wa Kisangani kwa njia hiyo hana sababu ya kuiwekea simu ya namna hiyo kioo kipya.

Kuna jambo moja lisiloingia kwenye hesabu: picha na namba zilizo ndani. Namba ya simu, pamoja na pesa za M-Pesa au Airtel Money, zinahamia kwenye simu yoyote ile pamoja na kadi yake, hata simu ndogo ya vitufe. Picha za mazishi na za harusi hazihami. Mguso ukifa lakini picha inaonekana, simu nyingi hukubali kipanya cha kompyuta kupitia waya mfupi wa kugeuzia, mwenye simu akafungua nywila yake na kutoa kila anachokitaka kabla ya kuiuza kama vipuri.

Akiamua kutengeneza, dakika muhimu ni ile kabla ya gundi. Skrini mpya huunganishwa ikiwa imelala wazi juu ya fremu, kisha alama inaburutwa tena mstari kwa mstari, na mwanga unapandishwa hadi mwisho ili madoa yaonekane. Ikifaulu ndipo inabandikwa na kubanwa kwa mipira, na inafaa ilale dukani hadi kesho yake. Anayeichukua jioni hiyohiyo huenda akakuta pembe imeinuka, na kuingia mtumbwini nayo wakati huo ni kuifungulia mlango maji.