Deni la Mfasiri

Mtu anapofasiri barua ya kawaida, kosa lake huweza kusahihishwa kwa barua nyingine. Lakini anapofasiri ripoti ya mtoto wa shule, kosa lake hukaa darasani pamoja na mtoto. Kwa hiyo ni haki kuuliza: mfasiri ana deni kwa nani? Ana deni kwa mzazi aliyemlipa, au kwa mwalimu aliyeandika, au kwa mwalimu wa ugenini atakayesoma, au kwa mtoto ambaye hakuulizwa neno?

Tuchukue mfano. Jamaa moja ya Nairobi inahamia Guangzhou, kusini mwa China, mji uliozoewa na wafanyabiashara wengi wa Afrika. Kijana wao alikuwa katika kundi la mwisho lililofanya mtihani wa KCPE, mwaka 2023. Akamaliza Kidato cha Pili mwaka 2025. Ripoti yake inatakiwa kwa Kichina. Katika Hisabati amepata 58 kwa 100, daraja ya C+. Mwalimu wa Kiswahili ameandika: "Ni mwerevu lakini ana mchezo mwingi. Jitahidi zaidi."

Mtego wa kwanza umo katika jina la darasa. Neno "pili" ni jepesi, na mfasiri mwenye haraka ataandika "chu er", maana yake mwaka wa pili wa shule ya kati. Lakini shule za China hugawanywa miaka sita ya msingi, mitatu ya kati na mitatu ya juu. Kwa hiyo "chu er" ni mwaka wa nane wa masomo. Kijana wetu alisoma miaka minane ya msingi na miwili ya sekondari, jumla kumi. Mwaka wa kumi huko ni ule wa kwanza wa shule ya juu, uitwao "gao yi". Neno moja lililofasiriwa sawasawa kwa kamusi lingemrudisha mtoto nyuma miaka miwili. Basi uaminifu kwa neno si lazima uwe uaminifu kwa kweli. Dawa yake ni kuandika jina la darasa kama lilivyo, kisha kueleza kando kwamba huo ulikuwa mwaka wa kumi wa masomo yake.

Mtego wa pili ni ile 58. Katika shule za China, alama 60 kwa 100 ndiyo mpaka wa kufaulu. Aliye chini yake ameanguka. Kwetu, katika shule ya kijana huyu, 58 ni C+, na C+ katika mtihani wa KCSE ndiyo daraja ya chini kabisa inayomfungulia mtu mlango wa kusomea shahada ya chuo kikuu. Mzazi akiona hivyo husema: "Basi andika 70, ili waelewe." Ombi hili lina sura ya haki, kwa kuwa 58 iliyoachwa peke yake itamsingizia mtoto kuwa ameanguka. Hata hivyo mfasiri hana ruhusa ya kuligusa tarakimu lile. Yeye hakumtahini mtoto. Tena tarakimu husomwa vilevile Nairobi na Guangzhou. Mwalimu wa Kichina akiweka nakala ya asili kando ya tafsiri, ataona 58 huku na 70 huku, na tangu hapo hataamini hata yale yaliyo kweli. Njia ya mwongo ni fupi.

Afanye nini, basi? Aiache 58, aiache C+, kisha afasiri kile kipimo cha madaraja ambacho shule imekipiga chapa chini ya ripoti. Chini ya hapo, ndani ya mabano na kwa jina lake mwenyewe, aongeze sentensi moja ya kueleza C+ ina maana gani nchini Kenya. Kwa namna hii msomaji hupewa ushahidi wote, na hukumu hubaki kwa shule inayompokea mtoto, ambako ndiko mahali pake.

Sasa tufike katika maneno ya mwalimu, maana hapo hakuna tarakimu za kumsaidia mtu. "Ana mchezo mwingi" linaweza kufasiriwa kwa Kichina "huopo", neno linalomsifu mtoto mchangamfu mwenye uhai. Au "tanwan", neno linalomlaumu mtoto aliyezidiwa na kupenda mchezo. Mzazi angependa la kwanza. Lakini mwalimu aliandika "lakini". Neno hilo dogo ndilo shahidi: lililotangulia ni sifa, linalofuata ni dosari. Kwa hiyo "tanwan" ndiyo tafsiri ya haki. Kama mwalimu angeandika "mchangamfu", "huopo" ingefaa bila ubishi. Na kama maneno yangekuwa hayaelekei upande wowote, ingempasa mfasiri kumwuliza mwalimu mwenyewe, si kubahatisha kwa kufuata moyo wa anayemlipa.

Vivyo hivyo kwa "Jitahidi zaidi". Kichina kina msemo "jixu nuli", yaani endelea kujitahidi, ambao humpongeza mtu kwa bidii aliyokwisha kuionyesha. Kina pia "hai xu nuli", yaani juhudi bado inatakiwa. Misemo hii miwili yafanana kwa sauti na hata kwa neno la mwisho, lakini mmoja hushukuru na mwingine hudai. Mwalimu wetu alikuwa akidai.

Mzazi ana hoja moja nzito, nayo haifai kudharauliwa. Husema kwamba mtoto anakwenda nchi ya watu, bila lugha na bila rafiki. Kwa nini aibu ya mchezo imtangulie? Je, huruma si wema mkubwa kuliko usahihi? Tujibu kwa kutazama matokeo. Mwalimu mpya akiambiwa mtoto ni mchangamfu tu, ataacha kumwangalia pale anapohitaji kuangaliwa. Utoro wa akili ukionekana baadaye, atadhani umeletwa na ugeni, au na lugha, au vibaya zaidi, na asili ya mtoto. Lawama ndogo iliyosemwa kweli humlinda mtoto na lawama kubwa ya kubuniwa. Tena sentensi ile haina lawama tupu. Ilianza kwa "ni mwerevu". Mfasiri anayefuta dosari humnyima mtoto hata sifa, maana sifa isiyo na mpaka haisadikiwi.

Kama mzazi anataka kumtetea mwanawe, na ana haki ya kumtetea, aandike barua yake mwenyewe na kuitia sahihi. Utetezi ni kazi ya mzazi. Hukumu ni kazi ya shule. Kazi ya mfasiri ni ushahidi. Shahidi mwema hazidishi, hapunguzi, wala hanyamazi pale ambapo ukimya wake utawafanya watu waelewe vibaya. Ndiyo maana hubadili "chu er" kuwa mwaka wa kumi, na bado hukataa kubadili 58 kuwa 70. Katika tendo la kwanza anaondoa uongo ambao lugha ingeusema bila yeye. Katika la pili angeuingiza uongo wake mwenyewe. Deni lake kwa mzazi, kwa walimu wawili na kwa mtoto ni deni moja, na hulipwa kwa sarafu moja: kwamba kilichoeleweka Nairobi ndicho kieleweke Guangzhou.