Tukipotezana, Tukutane Wapi?



Ndugu zangu katika imani, Mtume wetu (S.A.W.) alipohama Makka pamoja na Abubakar Swiddiq (R.A.), walimkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze njia. Walimkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana naye wakutane kwenye pango la Thaur baada ya masiku matatu. Naye akafika. Tuizingatie miadi ile: mahali pamoja, wakati mmoja, na kila mtu anajua analopaswa kufanya. Kumtegemea Allah hakukuwazuia kupanga.

Wengi wetu tunaokwenda Umra kutoka Entebbe hubadilisha ndege Dubai. Hapo ndipo watu hupotezana. Wanaume huenda kuoga na kuvaa ihramu, wanawake huenda upande wao, na simu nyingi hazina mtandao. Mtu husema, "Tukutane msikitini saa nne." Msikiti gani? Vyumba vya kuswalia ni vingi, na vya wanaume na wanawake ni mbalimbali. Na saa nne ya wapi? Simu isiyopata mtandao bado inasoma saa ya Entebbe, iliyo nyuma ya Dubai kwa saa moja. Mwenye simu hiyo akifika "saa nne", uwanjani ni saa tano.

Basi tuseme ndege ya Jeddah inaondoka 11:00. Mtume (S.A.W.) ametuagiza kwamba watatu wakisafiri, wamteue mmoja kuwa amiri. Amiri awapeleke wote kwanza kwenye jengo itakakoondokea ndege, kabla ya yeyote kwenda kuoga. Hapo awaonyeshe ubao mmoja wa ratiba za ndege, wauone kwa macho yao, kisha aseme: "Hapa chini, 9:30 kwa saa ya ubao huu." Asichague mlango wa kupandia ndege, kwani namba yake huweza kubadilishwa. Kila mmoja aandike miadi hiyo kwenye karatasi. Tusiseme tutamtambua mwenzetu kwa shuka nyeupe. Wenye shuka nyeupe ni wengi.

Na aliyepotea afanyeje? Bibi Aisha (R.A.) alirudi kutafuta mkufu wake, akakuta jeshi limeondoka. Hakukimbilia jangwani. Alikaa pale pale kituoni pake, akijua watamkosa na kumrudia, hadi Safwan bin Muattal (R.A.) akamkuta. Kwa hiyo aliyepotea aende chini ya ubao akae. Atafute amiri peke yake, wengine wasitawanyike.

Tuwekeane na mwisho: ikifika 9:50, wote waende mlangoni, na amiri awaarifu wahudumu jina la asiyeonekana. Aliyechelewa naye aelekee huko huko, akisoma namba ubaoni. Bila mwisho huo, mmoja akichelewa wote huachwa.

Katika Suratul Israa, aya ya 34, Allah ametuamrisha kutimiza ahadi, kwani ahadi itaulizwa. Dakika zile chini ya ubao nazo ni ahadi. Mama mzee anayekungoja pale ameiamini.

Allah atukutanishe salama. Amin.