Daftari Huonyesha Hatua Iliyokwama

Somo la kujumlisha sehemu likishindikana, andalio la somo halifutwi lote. Kwanza hukusanywa madaftari, yakapangwa kwa aina ya kosa, si kwa alama.

Katika swali la 1/2 + 1/3, fungu la kwanza limeandika 2/5: kiasi kimejumlishwa na kiasi, asili na asili. Wanafunzi hawa walipotea mapema, maarifa mapya yalipoanzishwa, kwani hawajaona kuwa vipande visivyolingana havihesabiwi pamoja. Fungu la pili limeandika 2/6. Hawa wameipata asili ya pamoja, lakini hawakubadilisha kiasi. Walipotea baadaye, kwenye mfano wa ubaoni.

Fungu la kwanza likiwa kubwa, hubadilishwa hatua ya maarifa mapya tu. Karatasi mbili zilizo sawa hukunjwa, moja nusu, nyingine theluthi, kisha zote hugawanywa sehemu 6, na mwanafunzi huona 3/6 na 2/6. Fungu la pili likiwa kubwa, mfano wa ubaoni huongezewa mstari wa 3/6 + 2/6 kabla ya jibu, 5/6.

Penye jibu tupu lisilo na njia, mwanafunzi huulizwa alivyolipata. Daftari pekee halitoshi.